Santuri kwenye picha: usome lebo, upime uwiano, au uhesabu mifereji?

Umepewa picha ya santuri, kava haionekani, hakuna rula pembeni wala mkono wa mtu, na unataka kujua vitu viwili tu: ni ya inchi ngapi, na inapigwa kwa spidi gani. Watu wengi hapa wanatumia ile sheria ya mtaani kwamba ndogo ni 45 na kubwa ni 33, wanamaliza. Sheria yenyewe inafanya kazi mara nyingi sana, siwezi kukataa, lakini siku ikikukataa inakukataa vibaya, sababu kuna santuri kibao za inchi 12 zinazopigwa 45, na kuna za inchi 7 zinazopigwa 33, tena ukubwa wenyewe kwenye picha hauonekani, si picha yoyote unaweza kuikuza mpaka ijae skrini? Santuri ya inchi 7 iliyopigwa picha kwa karibu inakaa hapo kama sinia.

Njia za kujua ziko tatu: unasoma maandishi ya lebo, au unapima uwiano wa lebo na santuri nzima, au unaingia kwenye mifereji yenyewe uhesabu. Nimezitumia zote na zote zimeshaniangusha kwa zamu, kwa hiyo hapa sitafuti bingwa. Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale manne: inajibu nini hasa (ukubwa, spidi, au vyote), inataka picha ya namna gani, inadanganya wapi, na inamfaa nani.

Kabla ya hapo tukubaliane na namba chache maana zitarudi rudi. Santuri zinakuja kwa saizi tatu za kawaida: inchi 12 (kama sentimita 30), inchi 10 (sentimita 25) na inchi 7 (sentimita 17.5). Spidi za kawaida nazo ni tatu, mizunguko 33⅓, 45 na 78 kwa dakika. Ile 78 ni ya enzi za zamani, kabla ya LP ya 33 kutoka mwaka 1948 na ya 45 mwaka 1949, na nyingi zake hata sio plastiki hii tunayoijua, ni nzito na zinavunjika kama sahani. Nitaigusa pale inapochanganya tu.

Kusoma lebo

Inajibu nini? Spidi, ikiwa imeandikwa. Ukubwa karibu haiandikwi kabisa, na hapa ndipo wengi wanajikwaa, wanaona 33 kwenye lebo wanajazia wenyewe "ah, basi ni inchi 12". Lebo haijasema hivyo, imesema 33 tu.

Inataka picha gani? Yoyote ambayo maandishi yanasomeka, hata kama imepigwa kwa upande, hata kama santuri imo ndani ya karatasi yake na unaona lebo tu kupitia lile duara. Katika zote tatu hii ndo isiyo na masharti. Tafuta 33⅓ au 45 ikiwa na RPM karibu yake. Santuri za Kijerumani utakuta U/min au UPM, za Kifaransa wanaandika tours au T tu baada ya namba, za Kiitaliano giri. Mara nyingi namba inakaa ndani ya pembetatu au duara dogo, kwa wino uleule wa lebo, kwa hiyo usitegemee iwe kubwa, nyingine imebanwa pembeni kabisa karibu na maandishi ya haki miliki yanayozunguka ukingo.

Inadanganya wapi? Kwanza kwenye namba zisizo za spidi. Namba ya toleo inaweza kuanza na 45 au kuishia na 33, na mtu akiwa na haraka anaichukua hiyo. Namba isiyo na RPM au neno mfano wake pembeni, iache kwanza. Pili, zipo santuri ambazo upande mmoja ni 33 na wa pili ni 45, na muuzaji kapiga picha upande mmoja tu. Tatu, makosa ya uchapaji yapo kweli, kiwanda kimechapa 33 santuri ni 45, na lebo nyeupe zile za majaribio hazina kitu chochote, labda jina kwa kalamu. Ikiwa hivyo angalia ile sehemu nyororo kati ya wimbo wa mwisho na lebo, pale kuna namba zimekwaruzwa au kugongwa, na mara mojamoja spidi nayo imo. Mara mojamoja nimesema, usiweke matumaini.

Kitu kimoja cha lebo ambacho watu wanakipita ni muda wa nyimbo. Ule muda ni dhahabu. Jumlisha dakika za upande mzima: zikifika 18 au 20, hakuna mjadala, ni 33 ya inchi 12 au labda 10. Zikizidi 8 kwenye santuri ambayo umeshajua ni inchi 7, elekea 33, maana kuzibana hizo kwenye 45 nafasi inakuwa ngumu sana. Ila upande wenye dakika 3 au 4 haukwambii kitu, unaingia popote.

Inamfaa nani? Mwenye makasha ya santuri za kuorodhesha, picha mia mbili, anataka kwenda haraka. Na anayejua tayari ukubwa, kwa mfano santuri ziko mkononi mwa ndugu yake anayetuma picha.

Kupima uwiano

Hii naipenda, nikiri tu mapema, kwa hiyo nivumilieni nikirefuka.

Inajibu nini? Ukubwa, na ukubwa peke yake. Kuhusu spidi haina neno.

Wazo lenyewe ni kwamba hujui picha imekuzwa kiasi gani, lakini vitu viwili vilivyo kwenye santuri ileile vimekuzwa kwa kiasi kilekile. Lebo ya LP ina upana wa kama sentimita 10, na ni hivyo kwenye inchi 12 na kwenye inchi 10 pia. Lebo ya inchi 7 ni ndogo zaidi kidogo, kama sentimita 9 au pungufu. Sasa gawanya upana wa lebo kwa upana wa santuri nzima:

| Santuri | Lebo ÷ santuri | Santuri ÷ tundu dogo |
|---|---|---|
| inchi 12 | 0.33 | 42 |
| inchi 10 (LP) | 0.40 | 35 |
| inchi 7 | karibu 0.50 | 24 |

Kwa macho tu: lebo ikila theluthi ya santuri ni inchi 12, ikila nusu ni inchi 7. Ukishazoea huhitaji hata kupima, unaiona lebo ya inchi 7 ilivyo nene na mifereji imebaki kama ukanda mwembamba kuizunguka. Ya inchi 10 ndo inakaa katikati hapo na jicho linaikosa, hiyo pima. Safu ya tatu kwenye jedwali ni ile ya tundu la kijiti, lenye upana wa kama milimita 7.2, tutarudi kwake.

Inataka picha gani? Ukingo wote wa santuri uonekane, au angalau pande mbili zinazotazamana kwenye mstari mmoja unaopita katikati. Pikseli hazihitajiki nyingi, picha mbovu ya pikseli 600 inatosha kwa lebo. Vifaa navyo si kitu, programu yoyote ya picha inayoonyesha pikseli unapochora boksi, au chukua rula ya shule uweke juu ya skrini, sababu ni uwiano, haijalishi unapima kwa kipimo gani mradi usibadilishe katikati.

Santuri ikiwa imepigwa kwa mshazari inaonekana kama yai. Usiogope, pima kwenye ule upana mrefu wa yai, vyote viwili, lebo na santuri, kwenye mstari uleule. Ukipima lebo kwa kulala na santuri kwa kusimama umeharibu.

Sasa kisa. Kuna muuzaji aliandika LP, akaweka picha moja safi, santuri juu ya meza ya rangi moja, hakuna kitu cha kulinganisha. Lebo ilisema 33⅓, nyimbo nne upande mmoja. Nikachukulia ni inchi 12, nikalipa, ikaja inchi 10. Hakunidanganya, LP ya inchi 10 ni LP halali kabisa, na za mwanzo mwanzo nyingi zilikuwa hivyo. Baadaye nikarudi kwenye picha yake nikapima, santuri pikseli 1530, lebo 612. Gawanya: 0.40 kamili. Picha ilikuwa inaniambia muda wote na nyimbo nne tu upande mmoja nazo zilikuwa zinaniambia, mi nilikuwa nasoma herufi mbili za L na P.

Inadanganya wapi? Mtego mkubwa ni 78 za zamani. Hizo mara nyingi ni inchi 10 lakini lebo yake ni ndogo, sentimita 7 na nusu au 8 hivi, kwa hiyo uwiano unatoka karibu 0.3, na 0.3 na 0.33 ni majirani, kosa dogo la kupima linakuvusha. Hapo ndo unaliita tundu. Tuseme santuri ina pikseli 1420: ikiwa inchi 12, tundu litakuwa na kama pikseli 34, ikiwa inchi 10, kama pikseli 41. Tofauti ya pikseli 7 inapimika kama picha haijafifia. Ila tundu lipime kwa uangalifu, kuza mpaka uone ukingo, maana kukosea pikseli tatu kwenye kitu cha 34 ni karibu asilimia 9 tayari, wakati kukosea tatu kwenye lebo hakuna hata anayejua. Ndo maana lebo kwanza, tundu ni shahidi wa pili.

Na tundu kubwa? Ile yenye shimo la upana wa sentimita 3.8, inayohitaji kile kiplastiki cha kuweka katikati. Shimo hilo likiwa zaidi kidogo ya moja ya tano ya santuri basi ni inchi 7, na hiyo unaiona bila kupima. Kwa kawaida inaambatana na 45, lakini shimo halizungushi santuri, na inchi 7 zenye tundu dogo zipo tele, hata zile zenye kitovu cha kubanduliwa, kwa hiyo kusema "tundu dogo basi ni 33" ni kosa.

Kamera ya simu ikiwekwa karibu sana inavimbisha kilicho mbele na kuvuta pembe, unaweza kupata 0.35 badala ya 0.33. Sawa tu, hatua kutoka 0.33 hadi 0.40 ni kubwa ya kutosha. Ukipata 0.365 rudi upime tena kwenye mstari mwingine, usichague tu unayoipenda.

Inamfaa nani? Mnunuzi ambaye hana santuri mkononi. Na mtu anayepanga makava na masanduku kwa kutumia picha, ambaye spidi wala haimhusu.

Kuhesabu mifereji

Kwanza nijikosoe, mfereji ni mmoja tu upande mzima, umejikunja kama koili kutoka nje mpaka ndani, lakini kwenye picha unaona mistari mingi na wote tunasema mifereji, tuendelee hivyo.

Inajibu nini? Spidi, hata kama lebo imenyamaza, ila kwa sharti la kujua muda wa wimbo. Na ukiangalia kwa juu juu tu inakupa kitu kingine cha bure: zile pete nyeusi zinazong'aa tofauti ni nafasi kati ya nyimbo. Zihesabu ulinganishe na lebo. Lebo ina nyimbo sita na picha ina kanda mbili, basi lebo na santuri haviendani, au umeangalia upande mwingine.

Kwa macho, LP yenye dakika 20 upande mmoja inaonekana laini kama hariri, mistari imebanana huwezi kuitenganisha. Singo ya inchi 12 yenye wimbo mmoja ina mistari iliyolegea, unaweza kuiona. Watu wanaona kulegea huko wanasema hii 45. Hapana. Singo ya dakika sita ikikatwa kwa 33 nayo inalegea, tena inalegea zaidi, sababu ina mizunguko michache ya kujaza nafasi ileile. Kulegea kunakwambia muda ni mfupi kwa nafasi iliyopo, basi. Spidi inakuja ukihesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mfereji unaouvuka ukitoka nje kwenda ndani ni mzunguko mmoja wa santuri. Kwa hiyo ukijua wimbo una mizunguko mingapi na unachukua dakika ngapi, umeshapata spidi:

```
spidi = (upana wa wimbo kwa mm × mistari kwa mm) ÷ dakika
```

Nifanye moja niliyoifanya kweli. Singo, lebo nyeusi, muda 6:40 umeandikwa, spidi hakuna. Muuzaji hana pleya, anauza vitu vya nyumba ya mtu, kumuuliza spidi ni kumsumbua. Uwiano nikapata 0.33, inchi 12, hapo sawa. Bahati ni kwamba kulikuwa na mkwaruzo, na yeye kwa uaminifu wake akapiga picha ya karibu kuuonyesha, kipande cha santuri kutoka ukingo wa lebo hadi ukingo wa nje.

Kwenye santuri ya inchi 12 umbali huo ni karibu sentimita 10 kamili (nusu ya 30 toa nusu ya 10), kwa hiyo una rula ndani ya picha. Umbali ulikuwa pikseli 3800, yaani 38 kwa kila milimita. Sehemu yenye wimbo, kutoka mfereji wa kwanza hadi ule wa mwisho kabla haijaanza ile sehemu nyororo, pikseli 2812, ambazo ni milimita 74. Kisha nikahesabu mistari 20 sehemu tatu. Karibu na nje ilichukua pikseli 182, katikati 198, karibu na ndani 190. Jumla mistari 60 kwa pikseli 570, milimita 15, yaani mistari 4 kwa milimita.

Milimita 74 mara 4 ni mizunguko 296. Dakika 6:40 ni 6.67. Gawanya unapata 44.4. Hiyo ni 45. Ingekuwa 33 wimbo mzima ungekuwa na mizunguko 222, mistari 3 kwa milimita, na mistari 20 ingekula pikseli kama 253 badala ya 190. Umeona tofauti ilivyo pana? 45 ni zaidi ya 33 kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo hata ukikosea mstari mmoja kati ya ishirini bado unaangukia pazuri.

Kwa nini sehemu tatu? Kwa sababu mifereji haijapangwa sawasawa. Besi nzito inayumbisha sindano pembeni na mkataji anaipa nafasi zaidi, sehemu ya kimya anaibana. Ukihesabu pale tu wimbo unapoanza polepole utapata mistari mingi mno na spidi itapanda.

Inataka picha gani? Hapa ndo kilio. Kila mstari unahitaji angalau pikseli nne au tano ili uonekane kama mstari. Mistari 4 kwa milimita ni pikseli 16 hadi 20 kwa milimita, na santuri nzima ya inchi 12 ina milimita 300, kwa hiyo ungehitaji picha yenye pikseli karibu 5000 kwa upana, na hizi zinazowekwa mtandaoni zimeshabanwa hadi 1600. Lazima iwe picha ya karibu. Na LP yenye mistari 8 au 10 kwa milimita usijisumbue, ila hiyo muda wake ulishakupa jibu.

Mwanga nao. Mifereji inaonekana pale tu mwanga unapogonga na kutengeneza ile feni inayong'aa kutoka katikati kwenda nje. Hesabia ndani ya feni, kwenye mstari unaoelekea tundu moja kwa moja. Ukienda kwa mshazari unaurefusha umbali bila kujua.

Inadanganya wapi? Kubwa ni mistari ya uongo. Picha ikipunguzwa saizi, mistari myembamba inagongana na pikseli na inazaa mawimbi mapana, mapete makubwa mazuri kabisa ambayo hayapo kwenye santuri. Yakizaliwa na skrini yako utayajua kwa sababu yanahama au yanabadilika upana ukikuza na kupunguza picha, mfereji wa kweli hauhami, lakini kama faili lenyewe lilishapunguzwa kabla ya kukufikia, hayo hayahami tena, ndo maana unataka faili halisi. Nyingine ni taa mbili: kila mfereji una kuta mbili, na taa mbili zinaweza kuwasha kila ukuta peke yake, unahesabu mara mbili. Hilo zuri kwa sababu linajisaliti, unapata spidi ya 90 au 66 ambayo haipo duniani. Na mwisho muda wa kwenye lebo ukiwa umekosewa, hesabu yote inakwenda nao. Usiuchukue kutoka kwenye faili la wimbo huohuo ulilonalo, singo mara nyingi ina toleo lake refu.

Inamfaa nani? Mwenye subira na kesi moja ngumu, hasa singo ya inchi 12 isiyo na spidi. Kwa makasha mazima utazeeka.

Sasa wewe uko wapi

Unanunua na picha inaonyesha santuri nzima na lebo inasomeka: pima uwiano kwanza, halafu soma spidi. Dakika moja hivi.

Una picha ya lebo tu, santuri imo kwenye karatasi: spidi utaisoma, ukubwa ni mgumu. Kama ukingo wa karatasi unaonekana, tumia huo badala ya ukingo wa santuri, karatasi ni kubwa kidogo tu, kwa hiyo ya inchi 12 itakupa kama 0.32. Kama hata karatasi imekatwa, jumlisha muda, na tundu kubwa likiwepo umepona. Usijaribu kugawa lebo kwa tundu dogo, inchi 12 inatoa kama 14 na inchi 7 kama 12, na picha ya namna hiyo haikupi usahihi wa kutenganisha hizo.

Lebo nyeupe au haina spidi, na ni inchi 7: wimbo mmoja upande mmoja, dakika tatu, tundu kubwa, chukua 45 uendelee na maisha. Ikiwa na nyimbo tatu au nne upande mmoja, shuku 33 na utafute muda.

Haina spidi, na ni inchi 12 yenye wimbo mmoja au miwili: hapo ndo mifereji. Omba picha ya karibu, kutoka lebo hadi ukingo, taa moja, faili halisi lisilopunguzwa. Muuzaji akikubali hilo, mwombe na rula ailaze pembeni, utajipunguzia hesabu nusu.

Uwiano umetoka 0.3, santuri inaonekana nene, wimbo mmoja kila upande na mistari unaiona wazi santuri nzima: pima tundu. Ikitoka 35, hiyo huenda ni 78 ya inchi 10, na kama pleya yako inaishia 45 usiilipie kwanza. Sindano nayo ni nyingine, maana mfereji wa 78 ni mpana zaidi na sindano ya LP inazama chini kabisa ambako uchafu wote umelala.